Jumla ya namba witiri za mwanzo ni mraba kamili: uthibitisho kwa induksheni

Kwa kundi la Jumamosi la Kidato cha Tano, Kirumba.

Huu ndio uthibitisho tulioukatiza ubaoni umeme ulipokatika. Nimeuandika wote, pamoja na kile kipande ambacho baadhi yenu mlitoka mkikinung'unikia. Msome mkiwa na kalamu na karatasi pembeni.

Dai. Ukijumlisha namba witiri kuanzia 1, bila kuruka hata moja, popote utakaposimama jumla yako ni mraba kamili.

1 = 1
1 + 3 = 4
1 + 3 + 5 = 9
1 + 3 + 5 + 7 = 16
1 + 3 + 5 + 7 + 9 = 25

Mistari hii mitano inashawishi, lakini kushawishika si kuthibitisha. Mkitaka kujua kwa nini mwalimu wenu ni mgumu kwenye jambo hili, chukueni n² − n + 41. Mkiweka n = 1 mnapata 41, namba tasa. Kwa n = 2 ni 43, tasa pia. Kwa n = 3 ni 47. Endeleeni hivyo mpaka n = 40 inayotoa 1601, na kote huko hamtakuta isiyo tasa. Mtu angeweza kuapa. Sasa wekeni n = 41: inabaki 41², ambayo bila shaka inagawanyika kwa 41. Mifano 40 ilikubali na wa 41 ukakataa.

Kwa hiyo tunahitaji hoja itakayozikamata namba zote kwa mkupuo mmoja. Hoja hiyo ni induksheni: kwanza tunaonyesha dai linashika kwa n = 1, kisha kwamba kila linaposhika kwa k linashika pia kwa k + 1.

Kuandaa uwanja. Namba witiri ya kwanza ni 1, na kila inayofuata inazidi iliyotangulia kwa 2. Kwa hiyo witiri ya n ni 2n − 1. Jaribuni: ya 5 ni 2 × 5 − 1 = 9, sawa na mstari wa mwisho hapo juu. Jumla yetu tuiite J(n):

J(n) = 1 + 3 + 5 + … + (2n − 1)

Hapa n ni idadi ya namba tunazojumlisha, siyo namba ya mwisho. Hili linawaponza wengi. Na kwa n = 1 jumla ni 1 peke yake; hiyo 3 na 5 zilizoandikwa mwanzoni zinaonyesha mwelekeo tu, hazipo humo kwa lazima.

Mtego uliomo ndani ya dai lenyewe. Dai linasema jumla ni "mraba kamili". Halisemi mraba wa nini. Tuone kitakachotokea tukilichukua hivyo hivyo lilivyo.

Tuseme tumeshakubali kwamba J(k) ni mraba kamili, yaani J(k) = m² kwa namba nzima fulani m. Namba witiri inayofuata ni 2k + 1, basi

J(k + 1) = m² + 2k + 1

Je, huu ni mraba kamili? Hatuwezi kujua. Chukueni k = 4, ambapo tunaongeza 9. Kama m ni 4 tunapata 25, safi kabisa. Lakini kama m ingekuwa 5 tungepata 34, na 34 si mraba wa namba nzima yoyote. Neno "mraba" halituambii m ni ipi, kwa hiyo tumekwama njiani tukiwa na dai la kweli mkononi.

Dawa yake inashangaza kidogo: tudai zaidi. Rudini kwenye ile mistari mitano. Namba moja, jumla ni 1². Namba mbili, 2². Namba tano, 5². Badala ya kusema "jumla ni mraba fulani", tuseme ni mraba wa idadi yenyewe ya namba tulizojumlisha:

J(n) = n², kwa kila namba nzima n kuanzia 1.

Dai hili ni zito kuliko la kwanza, na hapo hapo ni jepesi zaidi kulithibitisha. Sababu ni kwamba kwenye induksheni kile unachodai ndicho pia unachopewa kama mtaji wa hatua inayofuata. Ukidai kidogo, unapewa kidogo. Binafsi naona hapa ndipo penye utamu wa somo hili lote. Algebra iliyobaki ni ya dakika mbili.

Hatua ya kwanza: n = 1. Upande wa kushoto, J(1) = 1. Upande wa kulia, 1² = 1. Pande zinalingana.

Hatua ya pili: kutoka k kwenda k + 1. Tuchukue k yoyote iliyo namba nzima, 1 au zaidi, na tuchukulie kwamba kwa hiyo k dai linashika:

1 + 3 + 5 + … + (2k − 1) = k²

Tunataka kuonyesha kwamba basi J(k + 1) = (k + 1)². Witiri ya k + 1 tunaipata kwa kuweka k + 1 mahali pa n:

2(k + 1) − 1 = 2k + 2 − 1 = 2k + 1

(Msiandike 2k − 1 + 1. Ukifanya hivyo unapata 2k, ambayo ni shufwa, na kuanzia hapo karatasi yako imeharibika.)

Sasa:

J(k + 1) = [1 + 3 + 5 + … + (2k − 1)] + (2k + 1)
= k² + (2k + 1)
= k² + 2k + 1
= (k + 1)²

Mstari wa pili umetumia dhanio letu, na ni lazima mwandike pembeni yake kwamba ndipo lilipotumika. Mstari wa mwisho ni kufungua mabano tu, kwa kurudi nyuma.

Kwa kuwa dai linashika kwa n = 1, na kila linaposhika kwa k linashika pia kwa k + 1, basi linashika kwa kila namba nzima n kuanzia 1. J(n) = n², na kwa hiyo J(n) ni mraba kamili. Ndicho kilichotakiwa kuthibitishwa.

Lile nung'uniko. "Mwalimu, si umetumia kile kile unachotafuta kukithibitisha?" Swali zuri, na anayeliuliza amesikiliza kuliko anayenakili kimya.

Fikirieni visiwa vimejipanga ziwani mstari mmoja kutoka Mwanza, vimepewa namba 1, 2, 3 na kuendelea bila mwisho. Hatua ya pili inasema: aliyefika kisiwa chochote atakuta hapo mtumbwi wa kumvusha hadi kinachofuata. Haisemi kwamba kuna mtu aliyefika kisiwa chochote. Ni ahadi ya "ukifika, utavuka". Hatua ya kwanza ndiyo chombo cha kukutoa nchi kavu hadi kisiwa cha 1. Ukishakuwa nazo zote mbili, nitajie kisiwa chochote, hata cha 1,000,000, nami nitakufikisha. Kwa hiyo kwenye hatua ya pili hatukusema J(k) = k² ni kweli. Tulisema *kama* ni kweli kwa k, haina budi kuwa kweli kwa k + 1. Kilichothibitishwa pale ni hiyo "kama… basi", na hicho hatukukikopa popote.

Wapo wanaoiona hatua ya kwanza kama mapambo, maana 1 = 1 nani asiyejua. Hao nawapa dai hili: J(n) = n² + 5. Ni uongo mtupu, sivyo? Ila angalieni hatua yake ya pili:

J(k + 1) = (k² + 5) + (2k + 1) = (k² + 2k + 1) + 5 = (k + 1)² + 5

Imepita bila mkwaruzo! Mitumbwi ipo yote, na hakuna hata msafiri mmoja, kwa sababu J(1) = 1 wakati 1² + 5 = 6. Atakayeruka hatua ya kwanza kwenye zoezi nitamkata alama kwa sababu hiyo.

Kwa macho. Asiyeamini algebra akusanye vizibo vya soda, avipange mezani kuwa mraba wa 3 kwa 3. Ni vizibo 9. Ili upate mraba wa 4 kwa 4, weka safu mpya upande wa kulia, vizibo 3, na nyingine chini, vizibo 3. Utaona pembeni pamebaki nafasi moja wazi, pale safu hizo mbili zinapotaka kukutana; weka kimoja. Umeongeza 3 + 3 + 1 = 7, witiri ya nne. Mraba wa upande k unadai k kulia, k chini na 1 kwenye kona: 2k + 1. Hiyo ndiyo hatua ya pili nzima, bila herufi nyingine.

Francesco Maurolico wa Messina, kisiwani Sisilia, alilithibitisha jambo hili kwa namna hiyo hiyo ya kupanda ngazi kwa ngazi katika kitabu cha hesabu kilichochapishwa 1575: mraba ukiongezewa witiri inayofuata unazaa mraba unaofuata. Uthibitisho wake hutajwa mara nyingi miongoni mwa induksheni za kwanza zilizoandikwa wazi.

Matumizi ya haraka. Tafuta 51 + 53 + 55 + … + 99. Kutoka 1 hadi 99 kuna witiri 50, jumla 50² = 2500. Kutoka 1 hadi 49 kuna witiri 25, jumla 25² = 625. Jibu ni 2500 − 625 = 1875. Kikokotoo kibaki mkobani.

Zoezi la Jumamosi. Thibitisheni kwamba 1³ + 2³ + 3³ + … + n³ ni mraba kamili kwa kila n. Jumla za mwanzo ni 1, 9, 36, 100. Kabla hujaandika "n = 1", jiulize kwanza ni mraba wa nini; asiyejua hilo atakwama pale pale tulipokwama na m. Kila mtu alete karatasi yake mwenyewe, na mstari unaotumia dhanio auwekee alama.