Yah: Kufutwa kwa oda namba 25-04817 kutokana na bei isiyo sahihi kwenye tovuti yetu

Dar es Salaam
Jumatatu, 26 Mei 2025

Bi. Rehema,

Salaam. Tunakuandikia kuhusu friza ya lita 200 uliyoiagiza kwetu Jumamosi, tarehe 24 Mei 2025, saa 2:26 usiku, ipelekwe Tanga. Tunasikitika kukuarifu kwamba tumelazimika kuifuta oda hiyo, kwa sababu bei ya shilingi 89,000 uliyoiona kwenye tovuti haikuwa bei ya friza hiyo. Bei yake ni shilingi 890,000. Fedha zako zote tumekwisha kuzirudisha, na hapa chini tunaeleza kilichotokea pamoja na tunachoweza kukufanyia ili bado uipate friza kabla ya Idi, kama ulivyotuandikia kwenye maelezo ya oda.

Kwanza tunakuomba radhi. Uliamini bei tuliyoiweka sisi wenyewe, ukalipa papo hapo, na dakika chache baadaye ukapokea ujumbe wetu unaosema oda yako imethibitishwa. Mtu aliyepata ujumbe wa namna hiyo ana kila haki ya kuhesabu kwamba mzigo wake uko njiani na kuanza kupanga biashara yake ya barafu na juisi. Wiki hiyo tovuti yetu ilikuwa na tangazo la ofa za mwisho wa mwezi, kwa hiyo hatuoni kwamba ulipaswa kuishuku bei hiyo. Jukumu la kuhakiki bei kabla haijamfikia mteja ni letu, na hatukulitimiza.

Jumamosi jioni tulipandisha orodha mpya ya bei za majokofu na friza. Katika orodha hiyo bei ya friza hii iliandikwa ikiwa imepungukiwa sifuri moja, na hakuna mtu wa pili aliyeipitia kabla haijaonekana kwa wateja. Bei hiyo ilikaa kwenye tovuti tangu saa 1:40 usiku wa Jumamosi hadi saa 4:15 asubuhi ya Jumapili, mfanyakazi wa godauni alipoanza kuandaa mizigo na kuona kiasi kilicholipwa hakilingani na bidhaa. Ujumbe wa uthibitisho ulioupata hutumwa na mfumo wenyewe mara tu malipo yanapoingia, bila mtu kuukagua. Kuanzia leo hakuna bei mpya itakayoonekana kwenye tovuti kabla ya watu wawili kuipitisha, na oda ambayo bei yake imeshuka chini ya gharama yetu ya kununulia itasimamishwa ikaguliwe kwanza, ndipo ujumbe wa uthibitisho utumwe.

Tungeweza kukuandikia kwamba bidhaa imeisha, lakini hiyo isingekuwa kweli: friza zipo godauni. Sababu ya kutoweza kukuuzia kwa shilingi 89,000 ni kwamba kila friza imetugharimu shilingi 792,000, ukijumlisha bei ya kununulia, ushuru na usafiri wa kuitoa bandarini, na katika saa hizo zilipokelewa oda 41. Kuzitimiza zote kungetupa hasara ya zaidi ya shilingi milioni 28, kiasi ambacho duka la ukubwa wetu haliwezi kukibeba na likaendelea kufanya kazi. Tulifikiria pia kuwapelekea wachache waliotangulia kulipa, tukaona si haki kumpa mmoja na kumnyima mwingine aliyelipa bei ileile usiku uleule. Wateja wote 41 wamefutiwa oda, na wote wameandikiwa barua yenye masharti haya haya.

Kuhusu fedha zako: ulilipa shilingi 119,000, yaani shilingi 89,000 za friza na shilingi 30,000 za usafirishaji. Leo asubuhi tumekutumia shilingi 124,000 kwenye namba ileile ya M-Pesa uliyolipia. Shilingi 5,000 za ziada ni za kufidia makato uliyokatwa wakati wa kulipa na yale utakayokatwa ukienda kutoa kwa wakala, kwa kuwa si sawa ulipie muamala ambao haukukuletea kitu. Tafadhali kagua salio lako. Tunaomba pia uwe mwangalifu, kwa maana matapeli hupenda nyakati kama hizi: sisi hatutakupigia kukuuliza namba yako ya siri, wala hatutakutumia ujumbe wa kukutaka urudishe sehemu ya fedha kwenye namba nyingine. Ukipata ujumbe wa aina hiyo, usiufuate.

Kama bado unaihitaji friza, tunapendekeza uichukue ileile ya lita 200, mpya, yenye waranti ya miaka 2, kwa shilingi 792,000, ambayo ndiyo gharama yetu bila faida yoyote, na usafiri hadi Tanga tutaulipa sisi. Tunatambua kwamba kiasi hicho kiko mbali sana na ulichokuwa umejiandaa kulipa. Kwa hiyo unaweza kulipa nusu, shilingi 396,000, tukakuletea friza, kisha ukamalizia kwa shilingi 198,000 mwishoni mwa Juni na shilingi 198,000 mwishoni mwa Julai, bila riba. Ukitujibu kabla ya Jumamosi, tarehe 31 Mei, tutaifikisha Tanga si zaidi ya Jumanne, tarehe 3 Juni. Ukihitaji muda zaidi wa kufikiri, bei hii tutakushikilia hadi tarehe 14 Juni 2025.

Tunazo pia friza mbili za aina hiyohiyo zilizobonyea ubavuni wakati wa kushushwa kwenye lori. Fundi wetu amezifungua na kukagua kompresa na mabomba ya gesi, akaziwasha siku mbili mfululizo, na zinagandisha kama kawaida. Hizi tunaziuza kwa shilingi 640,000, kwa waranti ileile na usafiri wa bure, na picha za mahali palipobonyea tumeziambatisha ili uone mwenyewe kabla ya kuamua. Kwa kuwa ni mbili tu, tutazitoa kwa kufuata atakayetangulia kujibu.

Iwapo hutaki lolote kati ya hayo, huna haja ya kufanya kitu. Tumeweka shilingi 25,000 kwenye akaunti yako ya duka, unazoweza kuzitumia kwa bidhaa yoyote hadi tarehe 31 Desemba 2025, bila kiwango cha chini cha manunuzi. Kiasi hicho ni chako hata ukichukua friza.

Kujibu, andika tu uamuzi wako kwenye barua pepe hii, au utupigie kwa namba iliyo kwenye risiti yako na kutaja namba ya oda. Simu yako itaunganishwa kwangu moja kwa moja. Kukubali pendekezo lolote hapa hakukuondolei haki ya kulalamika. Endapo hutaridhika na namna tulivyolishughulikia jambo hili, unaweza kulifikisha Tume ya Ushindani, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inasimamia pia ulinzi wa mlaji, nasi tutaipatia kumbukumbu zote za oda hii itakapozihitaji.

Wako katika huduma,

Zawadi
Msimamizi wa Huduma kwa Wateja

Viambatisho: risiti ya marejesho ya shilingi 124,000, picha nne za friza zilizobonyea