Kura 24 kwa 22: mjadala wa wanawake kupewa upadri

Mwanzoni mwa 1971 Baraza la Ushauri la Anglikana, linalokutanisha makanisa ya Kianglikana ya dunia nzima, lilikutana Limuru, Kenya, kule juu kwenye mashamba ya chai, kikao chake cha kwanza kabisa. Mezani likaletwa swali la askofu wa Hong Kong: sinodi yake ikikubali, je, anaweza kuwapa wanawake upadri? Wakapiga kura, 24 ndiyo, 22 hapana. Mjumbe mmoja tu angebadili mawazo usiku ule wangetoka sare. Mwishoni mwa mwaka huohuo Askofu Gilbert Baker akawawekea mikono Jane Hwang na Joyce Bennett.

Naanza na Limuru manake huku kwetu watu wengi wanaamini hii ishu imeletwa juzi na Wazungu, ikaja kwenye begi moja na semina za jinsia. Ila ukifuata historia unakuta imetokea China wakati wa vita, ikaamuliwa Kenya, na Kanisa la Uingereza lenyewe lilikuja kupiga kura ya kukubali Novemba 1992, miaka 21 baada ya Limuru. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mara nyingi kazi ilitangulia, halafu maandiko na mapokeo yakaitwa baadaye kama mashahidi, na pande zote mbili zikawaita mashahidi walewale.

Florence Li Tim-Oi alikuwa shemasi Makau, mji uliokuwa chini ya Wareno ambao haukuingia vitani kwa hiyo wakimbizi wakajaa. Wajapani walishaiteka Hong Kong, padri wa kwenda kuwapa watu Meza ya Bwana hakuna. Yeye ndo alikuwa anabatiza, anazika, anatafuta chakula cha watu. Tarehe 25 Januari 1944 Askofu Ronald Hall alikutana naye upande wa China ambao haukuwa umetekwa, akampa upadri. Hall alijilinganisha na Petro alipombatiza Kornelio, yaani Mungu ameshampa mtu karama, mimi nani nizuie. Vita vilipoisha kelele zikawa kubwa, na 1946 Li Tim-Oi akakubali kuacha kutumia cheo chake ili askofu wake asiumizwe. Upadri wenyewe hakuukana.

Mimi hii hadithi nikiisoma namwona bibi yangu. Mume wake alikuwa mwinjilisti, akiugua bibi anavaa kitenge chake, anashika kengele, ibada inaendelea, anahubiri na msibani anaombea. Padri alikuwa anafika kila baada ya miezi mitatu kwa baiskeli, anabariki mkate, anakula kuku, anaondoka. Hakuna aliyemwuliza bibi kuhusu 1 Timotheo, manake hakuna aliyekuwa anaita kile anachofanya "huduma". Wapinzani watasema, na wana pointi, kwamba dharura haitungi sheria, mama anayezalisha jirani njiani hajawa daktari. Sawa, ila dharura ya miaka thelathini tuiite jina gani?

Sasa maandiko. Upande wa kukataa una mistari miwili mizito. "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha, wala kumtawala mwanamume" (1 Tim 2:12), na Paulo hasemi ni desturi ya Efeso, anarudi hadi Adamu na Hawa, jambo ambalo wanaotetea wanawake huwa wanalipita haraka sana kiukweli. Wa pili ni "wanawake na wanyamaze katika kanisa" (1 Kor 14:34). Wanaojibu wanasema barua hiyohiyo, sura ya 11, ina wanawake wanaosali na kuhutubu, masharti ni kufunika kichwa tu, na mtu hawezi kuhutubu huku amenyamaza. Kuna nakala za kale ambazo mistari ya 34 na 35 zimeiweka mwisho wa sura, ndo maana wasomi wengine wanashuku kama ilikuwepo tangu mwanzo. Na lile neno la Kigiriki lililotafsiriwa "kumtawala" kwa Timotheo linatokea mara moja tu kwenye Agano Jipya lote, kwa hiyo kulijengea ukuta mzima inahitaji ujasiri.

Ila kitu kilichonigusa zaidi kipo kwenye Biblia yetu wenyewe, ile ya Union. Fungua Wafilipi 1:1, utakuta "maaskofu na mashemasi". Fungua Warumi 16:1, Fibi ni "mhudumu wa kanisa lililoko Kenkrea". Neno la Kigiriki ni lilelile, diakonos. Akiwa kwenye kundi ni shemasi, akiwa mama peke yake ni mhudumu! Sisemi watafsiri walikuwa na njama, neno lina maana zote mbili, nasema msomaji wa Kiswahili hajawahi kupewa nafasi ya kuliona hilo swali. Mistari sita mbele yupo Yunia, "maarufu miongoni mwa mitume". Yohane Krisostomo, karne ya 4, alimsifu kama mwanamke aliyestahili kuitwa mtume, karne nyingi baadaye wachapishaji wakamgeuza mwanamume.

Kwenye mapokeo wanaokataa wako imara zaidi. Yesu alichagua Thenashara wote wanaume, na kwa karne nyingi makanisa ya Mashariki na Magharibi hayakuwapa wanawake upadri. Papa Gelasio mwaka 494 alilalamika kwamba kuna sehemu wanawake wanahudumu altareni. Wengine wanaona hapo marufuku, wengine wanaona ushahidi kwamba walikuwepo, manake huwezi kukemea kitu kisichofanyika. Mtaguso wa Kalkedoni, 451, ulisema mwanamke asiwekewe mikono kuwa shemasi kabla ya miaka 40. Shemasi ndiyo, padri hapana.

Kinachonitatiza ni sababu. Tomaso wa Akwino, karne ya 13, alifundisha kwamba mwanamke yuko katika hali ya kutiishwa kwa hiyo hawezi kubeba ishara ya ukuu. Roma leo haisemi hivyo, Papa Yohane Paulo II Mei 1994 alieleza kwamba Kanisa halina mamlaka ya kubadili alichofanya Kristo, na wala si suala la nani bora. Jibu limebaki palepale, sababu imehama. Mtu anaweza kusema huko ni kukua kwa mafundisho, mwingine atasema jibu lilikuwepo kwanza likawa linatafutiwa hoja. Mimi naegemea la pili, ingawa najua upande ninaoutetea nao una dhambi hiyohiyo.

Huku kwetu njia haikunyooka. Mwaka 1983 Askofu Mwanglikana Henry Okullu wa Maseno Kusini, Kenya, alimpa upadri Lucia Okuthe, na mwaka huohuo Askofu Festo Kivengere akafanya hivyo Kigezi, Uganda. KKKT, yaani Walutheri wa Tanzania, ilifungua mlango mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waanglikana wa Tanzania wamegawanyika kwa dayosisi, kwa ujumla zenye mizizi ya UMCA, misheni ya Kianglikana iliyoegemea mapokeo ya Kikatoliki, zikiwa nzito kukubali kuliko zenye mizizi ya CMS, misheni ya Kianglikana ya kiinjili, yaani tunarithi hadi ugomvi wa wamisionari. Kenya, Septemba 2021, Rose Okeno akawekwa kuwa askofu wa Butere. Na msidhani kila kanisa linaelekea huko, Walutheri wa Latvia mwaka 2016 waliandika kwenye katiba yao kwamba upadri ni wa wanaume tu.

Li Tim-Oi baadaye alihamia Kanada, akaruhusiwa kuhudumu tena kama padri. Alifariki Toronto Februari 1992, miezi tisa kabla ya ile kura ya Uingereza.