Wifi, Ujifungue Salama

Assalaam aleikum, mama zangu, shangazi zangu na nyote mliokaa mikekani. Mimi ni wifi mtu, na wifi akisimama mbele za watu hujulikana kaja kutania. Leo nitatania, lakini dua nimeichanganya humo humo. Kila beti nikifika kituoni, tuitikieni pamoja, sauti ifike mpaka barazani kwa wanaume.

Kwa jina lake Jalali, wifi nakupa salamu,
Wageni mlowasili, nyote kwetu ni muhimu,
Udi wafuka kwa mbali, asumini yapa hamu,
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

Mama kavuka bahari, toka Unguja kwa boti,
Na mfuko wa sukari, na kanga doti kwa doti,
Kwa hamu ya kusubiri, halali wala haketi,
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

Miezi ile mitatu, hukutaka hata chai,
Samaki akija kwetu, ukikimbia, hukai,
Hata na kaka wa watu, ukamwambia: Hufai!
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

Ikaja hamu ya embe, mbichi, chumvi, pilipili,
Usiku kaka atambe, abishe kila mahali,
Wenye mwembe awaombe, wamuone ni dhalili,
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

Udongo ukautaka, ukutani ukachimba,
Mkunga akatamka: “Mtaibomoa nyumba!
Vidonge vya damu shika, ndivyo vya nguvu kwa mimba.”
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

Tumbo lako limekua, mfano wake fenesi,
Kandambili watambua, kwa vidole, kwa kuhisi,
Kukuinua twajua, sote twashika nafasi,
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

Mwana yumo uwanjani, apiga mipira teke,
Kaka kaweka tumboni, sikio lile la kwake,
Akalipata shavuni, shuti, nusura anguke,
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

Bibi kasema ni dume, mama kasema ni binti,
Jirani tumbo apime: pacha, tena wa bahati!
Ila mimi na niseme: awe mzima, sharuti,
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

(Vigelegele kwanza! Sasa, wifi yangu, tega sikio, maana hapa sitanii.)

Uchungu ukikubisha, usiku ama mchana,
Usione watuchosha, tuite, tuje bayana,
Hima gari tutawasha, dereva tumeagana,
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

Kichwa kikikugongea, macho yakaona giza,
Uso ukikuvimbia, usikae kujikaza,
Damu ikikutokea, hilo si la kunyamaza,
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

Mkoba u mlangoni, kadi ya kliniki, kanga,
Soksi na kofia ndani, za mtoto wetu mchanga,
Kaka kutwa mkobani, afungua na kufunga,
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

Maryamu wa Imrani, uchungu ulimshika,
Akenda hadi shinani, kwa mtende akafika,
Akatikisa, na chini, tende mbivu zikashuka,
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

Aliyempa rehema, ndiye na wewe akupe,
Njia ikunjuke vema, uchungu mwingi ukwepe,
Kilio cha mwana, mama, kikupe moyo mweupe,
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

Ukitoka kuna kazi, ya sisi, wewe ni kula,
Uji wa manga, mchuzi, wa kuku, kisha walala,
Arubaini, mzazi, jungu kwako si suala,
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

Kaka wetu barazani, najua wanisikia,
Nepi zangoja, sabuni, usiku utafulia,
Mwana akilia ndani, na wewe utamwimbia,
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

Siku ya saba ikija, mbuzi tumeshamfunga,
Nywele tunyoe pamoja, na jina tutalitunga,
Wa Wete na wa Unguja, foleni watajipanga,
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

Wifi, mimi sina dada, wewe ndiye ndugu yangu,
Ulikesha bila ada, usiku wa mwana wangu,
Shika, usione shida, wako huu mkono wangu,
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.

Ya Rabbi Mola Karimu, mikono tumeinua,
Mpe afya ya kudumu, na mwana aone jua,
Sote tuseme kwa hamu, amina, dua kwa dua,
Wifi Mungu akuvushe, ujifungue salama.