Masahihisho: bamvua hii maji hupwa saa 4 asubuhi, si saa 10 jioni

Jumatatu, 14 Aprili 2025, saa 2 usiku. Maelezo haya nayaweka juu kabisa ya taarifa ya Alhamisi ili kila anayeifungua ayaone kwanza.

Katika taarifa ile kwa wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani niliandika: "Kuanzia Jumapili maji yatapwa kabisa saa 10 jioni." Si kweli. Maji hupwa karibu saa 4 asubuhi. Saa 10 jioni ndiyo kwanza yamejaa. Kwa hiyo sikukosea kidogo, nilikuelekezeni baharini wakati ule ule ambao shamba la mwani limezama.

Jadweli ya maji niliyoitumia imeandikwa 10:00, kwa saa zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Nikaiandika "saa 10" bila kutoa sita, kisha nikaongeza neno "jioni" kutoka kichwani mwangu. Neno hilo halimo kwenye jadweli, na kosa ni langu peke yangu.

Aliyenigutusha ni mama mmoja wa Jambiani, leo adhuhuri. Yeye hakudanganyika, maana bamvua za huku anazijua tangu utoto: asubuhi maji yametoka hadi mwambani, alasiri yamerudi. Lakini bintiye aliyetoka mjini kumsaidia kufunga mbegu aliniamini mimi. Jana aliteremka pwani saa 10 na kamba zake, akakuta maji yamefika mchangani, akarudi na mbegu zilizokwisha kusinyaa kwa jua. Namshukuru mama kwa kunambia, na yeye na bintiye nawaomba radhi. Kama kuna mwengine aliyepoteza siku ya kazi au mbegu kwa maneno yangu, naye pia namuomba radhi.

Siku zilizobaki: kesho Jumanne na keshokutwa Jumatano maji yatakuwa chini kati ya saa 4 na nusu na saa 6 mchana. Kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana yake, basi teremkeni mapema, wakati bado yanatoka. Yakianza kurudi yasikukuteni mbali.

Siku za bamvua nilizozitaja ni sahihi, sikuzigusa. Maelezo ya kufunga mbegu nayo yamebaki kama yalivyo.

Sentensi yenye kosa sikuifuta. Nimeipiga mstari na saa sahihi iko pembeni yake:

~~saa 10 jioni~~ saa 4 asubuhi (10:00)

Kuanzia sasa kila saa ya maji nitaiandika kwa namna hizo mbili, na mkulima mmoja ataisoma kabla haijatoka.

Najua wengi waliipiga picha taarifa ya Alhamisi wakaisambaza kwenye makundi ya simu. Huko siwezi kuisahihisha. Kama uliituma, tafadhali tuma na hii pale pale ulipoituma ile, usiku huu, kabla watu hawajapanga safari ya kesho.