Mkataba wa Mauziano ya Nyumba ya Ghorofa Ambayo Bado Haijajengwa

Mkataba huu umefanyika tarehe 3 Machi 2025 kati ya kampuni inayojenga jengo (humu itaitwa "Mwendelezaji") na mtu anayenunua nyumba (humu ataitwa "Mnunuzi"), ambao wote wawili wametia saini mwishoni.

Mnunuzi anatoa fedha leo kwa ajili ya nyumba ambayo kwa sasa imo kwenye michoro tu. Mwendelezaji anakiri kwamba hatari ya kuchelewa au kubadilika kwa ujenzi haipaswi kumwangukia Mnunuzi, na vifungu vyote vya mkataba huu vitafasiriwa kwa msingi huo.

1. Nyumba inayouzwa ni namba 4B, ghorofa ya nne: vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, vyoo viwili na baraza linaloelekea mashariki, pamoja na nafasi moja ya kuegesha gari. Eneo la ndani ni mita za mraba 96, likipimwa kutoka uso wa ndani wa kuta, bila kuhesabu baraza. Michoro na orodha ya vifaa vya umaliziaji, zilizosainiwa kila ukurasa, ni sehemu ya mkataba huu. Picha na maelezo ya matangazo yaliyomvutia Mnunuzi nayo yanamfunga Mwendelezaji.

2. Bei ni ile iliyotajwa katika hati ya ofa iliyoambatishwa, na haitapanda kwa sababu yoyote. Italipwa hivi: asilimia 10 leo, 20 msingi ukikamilika, 20 zege la sakafu ya ghorofa ya nne likimwagwa, 20 jengo likiezekwa, 15 umaliziaji ukikamilika, 10 wakati wa kukabidhiwa funguo, na 5 miezi 12 baadaye, kasoro zikiwa zimerekebishwa. Hakuna awamu itakayodaiwa kabla ya msanifu majengo asiye mwajiriwa wa Mwendelezaji kuthibitisha hatua husika kwa maandishi. Fedha zitakaa katika akaunti ya amana chini ya mawakili wa pande zote mbili.

3. Nyumba itakabidhiwa kabla ya tarehe 30 Juni 2027. Kukabidhi maana yake ni nyumba iliyokamilika, yenye maji, umeme na lifti inayofanya kazi, pamoja na cheti cha mamlaka husika kinachoruhusu watu kuishi. Funguo bila cheti si makabidhiano.

4. Baada ya siku 30 za nyongeza, Mwendelezaji atamlipa Mnunuzi asilimia 1 ya Bei kwa kila mwezi wa ucheleweshaji, na kwa uwiano wa siku kwa sehemu ya mwezi. Mnunuzi hatahitaji kuthibitisha hasara, kwani wote wanakubali kwamba hayo ni makadirio ya haki ya kodi anayolipa kwingine na riba ya mkopo wake. Anaweza kuikata fidia hiyo kwenye awamu inayofuata.

5. Muda utasogezwa kwa mafuriko, tetemeko, vita au amri ya serikali isiyotokana na kosa la Mwendelezaji, iwapo tu atatoa taarifa ndani ya siku 14, na kwa jumla usizidi siku 120. Ukosefu wa fedha, kupanda kwa bei ya saruji au nondo, mgogoro na mafundi, na kibali kilichoombwa kwa kuchelewa si sababu.

6. Ucheleweshaji ukizidi siku 180 baada ya tarehe ya makabidhiano, ikijumlishwa na muda wowote uliosogezwa kihalali, Mnunuzi anaweza kuvunja mkataba. Atarudishiwa kila alicholipa ndani ya siku 30, pamoja na riba ya asilimia 12 kwa mwaka na fidia iliyokwisha kulimbikizwa. Marejesho hayatasubiri nyumba ipate mnunuzi mwingine.

7. Mwendelezaji hatabadilisha mpangilio wa vyumba, madirisha, urefu wa dari, lifti au njia za pamoja bila idhini ya maandishi ya Mnunuzi. Ukimya si idhini. Kifaa kilichokosekana sokoni kitabadilishwa kwa chenye ubora sawa au zaidi, kwa gharama ya Mwendelezaji.

Eneo likipungua kwa zaidi ya asilimia 2, Bei itapungua kwa uwiano wa upungufu wote. Likipungua kwa zaidi ya asilimia 5, Mnunuzi anaweza pia kuvunja mkataba kwa masharti ya kifungu cha 6. Likiongezeka, hatalipa zaidi. Kwa badiliko jingine lisiloidhinishwa, Mnunuzi atachagua: nyumba irudishwe ilivyochorwa, Bei ipunguzwe kwa tathmini ya mkadiriaji majenzi huru, au mkataba uvunjwe. Badiliko lililoamriwa na mamlaka halimwondolei Mnunuzi haki hizi.

8. Kupokea funguo au kulipa awamu hakufuti dai lolote la Mnunuzi. Mwendelezaji hataweka rehani nyumba hii, wala hatauhamisha mkataba kwa mwingine bila idhini ya Mnunuzi.

9. Mgogoro utapelekwa kwanza kwa mpatanishi atakayekubaliwa na wote, kisha mahakamani iwapo siku 30 zitapita bila suluhu. Sheria itakayotumika ni ya nchi lilipo jengo.

Mkataba huu umesainiwa kwa nakala tatu zenye nguvu sawa, mbele ya wakili wa kila upande. Nakala moja ni ya Mnunuzi, moja ya Mwendelezaji, na moja itakaa pamoja na kumbukumbu za akaunti ya amana.