Barua ya mwaliko kwa ajili ya viza ya Asha Yusufu Lukanda

Kasingirima, Ujiji
Manispaa ya Kigoma Ujiji
30 Septemba 2024

Kwa Afisa wa Viza,
Idara ya Uhamiaji, Tanzania

Ndugu Afisa, salaam. Mimi naitwa Sharifa Hamisi Lukanda, Mtanzania, mkazi wa Ujiji tangu kuzaliwa, naandika kuhusu ombi la viza la Asha Yusufu Lukanda ambalo amelituma kwenye mfumo wa mtandaoni. Asha ni mtoto wa marehemu kaka yangu Yusufu, tumbo moja na mimi, kwahiyo mimi ni shangazi yake wa damu. Amezaliwa hapahapa Kigoma, hospitali ya Maweni, akaondoka na wazazi wake akiwa na miaka 9, sasa ni raia wa Kanada na anatumia pasipoti ya huko. Sheria yetu mtu mzima hawezi kuwa na uraia wa nchi mbili ndo maana leo mtoto wetu inabidi aombe viza kuja kwao, na sisi tunafata utaratibu kama unavyotakiwa.

Sababu ya safari ni hii. Kaka alifariki Disemba 21 mwaka jana hukohuko Edmonton na akazikwa huko, hatukuweza kumleta. Mama yetu ana miaka 84, hajaliona kaburi la mwanae na kwa hali ya miguu yake hatoliona, alichobaki anauliza kila siku ni Asha anakuja lini. Tumepanga hitma ya mwaka Jumamosi tarehe 21 Disemba 2024 hapa nyumbani, na tunataka binti wa marehemu awepo akae na bibi yake. Mama hajamtia machoni tangu alivyoondoka akiwa mdogo, wanasikilizana kwenye simu tu, na sauti ya mama siku hizi imekua ndogo mpaka Asha anamwambia bibi rudia.

Atafika Dar es Salaam Jumamosi tarehe 7 Disemba 2024 na ataondoka nchini Jumamosi tarehe 18 Januari 2025, yani wiki 6 kamili, haifiki hata nusu ya zile siku 90 za viza ya kawaida. Muda wote atalala kwangu, nyumba ni ya familia ina vyumba 5 na chumba chake kipo tayari. Labda siku moja nitampeleka Gombe kwa boti maana tangu mdogo alikua anaomba kuwaona sokwe, zaidi ya hapo hana mzunguko. Haji kufanya kazi wala biashara, kule ni nesi na amepewa likizo, barua ya mwajiri wake ameiweka kwenye maombi pamoja na tiketi ya kurudi.

Kuhusu gharama niseme wazi. Asha anajilipia tiketi ya ndege ya kuja na kurudi Kanada, ada ya viza dola 50 na bima ya safari. Mimi nalipa ndege ya Dar mpaka Kigoma kwenda na kurudi (treni ningependa aione ila safari ni ndefu na siku zenyewe chache), chakula, malazi na usafiri wa hapa mjini, na akiugua kabla bima haijajibu nitamtibia mimi. Nimetenga shilingi 2,500,000 kwa hayo, zipo benki. Hitma ni ya ukoo mzima, haimgusi yeye.

Kipato changu ni dagaa na migebuka, nauza jumla soko la Mwanga na mzigo mwingine unaenda Tabora na Dar. Kwenye taarifa ya benki utaona miezi ya katikati pesa imeshuka sana, naomba isikutie shaka, ziwa lilifungwa toka Mei 15 mpaka Agosti 15 kupumzisha samaki na wote tulikaa, tuliishi kwa kodi ya vyumba vyangu viwili vya Mwanga. Toka lifunguliwe mzunguko umerudi, japo mwezi mpevu ukiwaka dagaa hawafati taa na siku hizo hatuuzi kitu.

Nimeambatisha kopi ya kitambulisho changu cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, taarifa ya benki ya miezi 6, cheti cha kuzaliwa cha Asha, na vyeti vya kuzaliwa vya mimi na marehemu vyenye majina ya wazazi walewale. Cheti cha kifo cha kaka kipo pia. Namba yangu ya simu ni ile aliyoandika Asha kwenye fomu kama mwenyeji wake, nipigie muda wowote hata usiku, na ukitaka nifike ofisi ya uhamiaji hapa Kigoma nitafika siku hiyohiyo.

Ninabeba dhamana ya mwenendo wake akiwa nchini na nitamsindikiza mwenyewe mpaka uwanja wa ndege wa Dar siku ya kuondoka. Naomba sana apewe viza mapema, tarehe ya hitma haisogei na mama anahesabu siku.

Wako mtiifu,

Sharifa Hamisi Lukanda
Shangazi na mwenyeji wa mwombaji