Tufunge mwamba sote: hotuba ya ufunguzi ya upande unaotetea hoja

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa waamuzi, mtunza muda, wapinzani wetu, walimu wetu na wanafunzi wenzangu mliojaa ukumbi huu wa Tunguu, Assalamu alaykum.

Hoja tuliyopewa leo inasema: "Kikao hiki kinataka kila shehia ya pwani, Unguja na Pemba, ifunge sehemu ya mwamba wake wa pweza kwa miezi mitatu kila mwaka." Mimi ni msemaji wa kwanza wa upande unaoitetea.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, kusini mwa Pemba. Ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali, nikafuatana na shangazi yangu kwenda kuchokoa pweza. Yeye anayajua mashimo kama sisi tunavyozijua namba za vyumba vya mihadhara. Akasimama penye shimo moja, akanionesha maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni, akasema, "Yumo." Akaingiza chuma chake, akamtoa. Kichwa chake hakikuzidi limau. Nikamwambia, "Shangazi, huyu si bado mdogo?" Akanijibu huku anampiga juu ya jiwe: "Mwanangu, nikimwacha mimi, kabla maji hayajajaa atakuwa keshachukuliwa na mwengine." Mchuuzi alimtundika kwenye mzani, hakufika nusu kilo, akalipwa vijisenti vya kununulia sukari.

Naomba mlishike jibu lile la shangazi. Hotuba yangu yote imo ndani yake.

Kwanza tuelewane juu ya maneno ya hoja. Tunaposema "sehemu" hatusemi bahari yote. Tunasema kipande cha mwamba chenye mipaka inayojulikana, kilichochaguliwa na wanakijiji wenyewe kupitia kamati yao ya wavuvi, wanawake wakiwemo na wakiwa na sauti. Miezi ipi ifungwe, wataamua wao. Kwingine kote watu wataendelea kuvua kama kawaida.

Hoja yangu ya kwanza ni maumbile ya pweza mwenyewe. Huyu si kasa wala papa, ambao ukiwafungia leo utangoja miaka mingi kuona faida. Pweza hukua kwa kasi kubwa, na katika miezi michache uzito wake huweza kuongezeka maradufu. Umri wake nao ni mfupi, mwaka mmoja au zaidi kidogo tu. Na jike hutaga mara moja tu maishani mwake. Huingia shimoni, huyaning'iniza mayai yake darini kwa maelfu, huyapepea maji na kuyalinda bila kwenda kuwinda, na yakishaanguliwa, hufa. Kwa hiyo, jike anayetolewa shimoni kabla ya kutaga hakuacha kitu duniani. Miezi mitatu tunayoiomba inatosha kumnenepesha yule wa nusu kilo, na kwa baadhi ya majike inatosha kumaliza kazi yao. Hakuna akiba inayolipa upesi hivi pwani kwetu.

Hoja ya pili, na hapa nawaomba waamuzi wanisikilize kwa makini, ni neno "kila". Wapinzani wetu watasimama na kusema: kwa nini kila shehia? Anayetaka kufunga na afunge, asiyetaka aachwe. Linasikika kuwa ni jambo la haki. Lakini rudini kwenye jibu la shangazi. Hakumchukua yule pweza kwa ujinga. Anajua pweza anakua, alijua kabla sijazaliwa. Alimchukua kwa sababu anayesubiri peke yake huwasubiria wengine. Na lililo kweli kwa mtu mmoja ni kweli kwa kijiji kizima. Kijiji kikifunga peke yake, jirani wanaujua mwamba ule kuwa umejaa. Wengine watakuja usiku kwa ngalawa, na wengine watajazana siku ile ya kufungua, wale waliofunga miezi mitatu wabaki na makombo. Mwaka unaofuata, ni nani atawashawishi wafunge tena?

Lipo na jambo la pili ndani ya hoja hii. Vitoto vya pweza vikianguliwa havikai pale pale. Huelea, hubebwa na mkondo kwa muda, kisha ndipo huteremka mwambani. Yaani mayai yaliyolindwa katika shehia moja yanaweza kuwa pweza wa shehia nyengine. Bahari haina mpaka wa sheha. Haifai basi mmoja alinde na mwengine avune tu. Kusubiri kukiwa kwa wote, hakuna anayesubiri kwa hasara.

Hoja ya tatu: hili si jambo la kubuni humu ukumbini. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walifunga mwamba wao kwa miezi kadhaa, na walipoufungua walikuta pweza wakubwa zaidi. Vijiji jirani viliona kwa macho, vikafuata. Na hapa hapa petu, watu wa Kisiwa Panza kule Pemba wamekuwa wakifunga na kufungua mwamba wao kwa makubaliano yao wenyewe. Ikiwa kisiwa kidogo kile kimeweza, mwenye kusema haiwezekani Unguja na Pemba nzima atuambie kinachozuia ni nini.

Najua litakuja suali, na ni suali la heshima: mama atakula nini miezi hiyo mitatu? Silikwepi. Pweza ndiyo bahari ya wanawake. Hawana boti, hawana mashine, wana miguu yao na maji yakitoka. Ndiyo maana hoja yetu inasema sehemu, na ndiyo maana tunataka wanawake wakae kwenye kamati pale mpaka unapochorwa, usije ukafungwa mwamba wa karibu wanaoufikia kwa miguu ukaachwa wa mbali wanaoufikia wazamiaji. Wala sidai kwamba kufunga peke yake kunatosha. Siku ya kufungua ndiyo siku ya hatari. Watu wakishuka mia kwa mia na vyuma wakavunja matumbawe, faida ya miezi mitatu inakwenda kwa asubuhi moja. Msemaji wetu wa pili ataeleza utaratibu wa siku hiyo. Lakini mpinzani anayemtaja mama mwenye njaa ana deni la kutujibu: kwa hali ya sasa, huyo mama anashiba? Nimeuona ule mzani.

Wenzangu, wengi wenu mmelelewa pwani. Makunduchi, Jambiani, Micheweni, Mkoani, Tumbatu. Wapo humu waliolipiwa ada za skuli kwa pweza na mwani, na mimi ni mmoja wao. Leo tunausoma Uchumi wa Buluu, tunaufanyia mitihani, na waliotuleta hapa bado wanamgombea pweza wa ukubwa wa limau. Hawaombi msaada. Wanahitaji uhakika kwamba wakimwacha leo, watamkuta.

Waheshimiwa waamuzi na wenzangu mtakaopiga kura, shangazi yangu yuko tayari kusubiri, ila hawezi kusubiri peke yake. Mkono wako unapopanda kuunga hoja hii, unamwambia kwamba jirani yake naye atasubiri. Naomba uupandishe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nashukuru.